Idhini ya Alhamisi

Stephen Losike alikuwa katekista wa kanisa moja la Kakuma mjini kwa miaka kumi na tisa, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo ndiye aliyesimama mlangoni kuwaambia watu wazime simu. Waumini walimwita Mwalimu. Vijana wa kwaya, wakidhani hasikii, walimwita Askari wa Yesu. Alisikia, wala hakuchukia.

Masharti ya picha aliyatunga mwenyewe, Padri akayapitisha, yakapigwa rangi kwenye ubao kando ya mlango, kwa Kiswahili na kwa Kiturkana. Anayetaka kupiga picha au video ndani ya kanisa aje ofisini kabla ya Alhamisi saa kumi jioni. Aandike jina lake, sherehe gani, na picha zitaenda wapi. Padri akikubali, Losike humpa kitambulisho cha kuvaa shingoni. Mpiga picha asimame upande wa kulia, asivuke ngazi za altare, asiwashe flashi. Wakati wa mageuzo na wa komunyo, kamera zote chini. Na mtu anayelia, au anayepakwa mafuta, au aliyepiga magoti kusali, asipigwe picha ya uso mpaka akubali mwenyewe. Kama ni mtoto, akubali mzazi.

Hakuyatunga kwa ukali wa bure. Mwaka ule wa ukame mkubwa walikuja wageni na kamera, wakapiga picha Misa nzima bila kumuuliza mtu. Miezi kadhaa baadaye Losike alikwenda Lodwar kufuatilia karatasi fulani, na katika ofisi aliyokuwa akisubiri aliona kalenda ukutani. Mwezi wa Juni ulikuwa na picha ya mama yake. Kikongwe amefumba macho, kinywa wazi, ulimi nje. Alikuwa anapokea Mwili wa Bwana. Chini yake waliandika maneno ya Kiingereza juu ya njaa. Losike aliomba apewe ule ukurasa, akaambiwa kalenda ni mali ya ofisi, na mwaka bado haujaisha.

Basi akayaandika masharti, akayalinda.

Akal aliyakuta masharti hayo Jumapili moja ya mwezi wa pili, mtoto akiwa mikononi. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tatu, akiuza makaa katika kambi ya wakimbizi, hasa upande wa Wasudani Kusini. Mtoto wake, Ekidor, alikuwa na miezi minane na moyo wenye tundu. Madaktari wa Lodwar walikuwa wameandika barua ya kumpeleka Eldoret, na familia ilikuwa inangoja zamu. Baba wa mtoto, Lokiru, alikuwa mlinzi kwenye yadi ya mkandarasi huko Lokichar. Aliondoka mimba ikiwa ya miezi saba, na hakuwa amepata ruhusa ya kurudi tangu hapo. Huyu mtoto wake wa kwanza, Lokiru alimjua kwa sauti ya kulia tu, kwenye simu.

Pamoja na Akal alikuja Nyabol, mteja wake wa makaa aliyegeuka kuwa rafiki. Nyabol ndiye aliyekuwa na simu ya kupiga picha. Ya Akal ilikuwa kabambe, simu ndogo ya kupiga na kupokea tu. Nyabol alikuwa amempiga Ekidor picha mbili alipokuwa amelazwa, mirija ikiwa puani, lakini Akal alizikataa, zikafutwa. Hakutaka Lokiru aanze kumjua mwanawe na mirija. Alitaka moja, mtoto akiwa na gauni jeupe, maji yakimiminwa kichwani.

“Ejok, Mwalimu,” alisema Akal mlangoni.

“Ejok-nooi, mama Ekidor.”

“Huyu dada yangu atapiga picha moja tu. Ya maji.”

“Mlikuja ofisini?”

“Lini?”

“Kabla ya Alhamisi.”

Akal alimtazama. “Alhamisi tulikuwa hospitali.”

“Ungemtuma mtu. Ni kuandika jina tu.”

“Sikujua.”

Losike alionyesha ubao. Akal hakuugeukia. Hakuwa amesoma, na Losike alilijua hilo, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha katekisimu kwa kukariri.

“Baba yake hajamwona,” Akal alisema, sauti ikishuka. “Moja tu, Mwalimu. Hata dada asimame hapa hapa mlangoni.”

“Nikikuruhusu wewe, nyuma yako wako wengine kumi na wanne wanaobatizisha watoto leo. Kila mmoja ana dada.” Alisema kwa upole. Alikuwa mpole siku zote akikataa. “Baada ya Misa mtapiga nje, pamoja na Padri. Hiyo haina masharti.”

Nyabol akaingilia kwa Kiswahili chake cha kambini. “Mzee, mimi nasimama mbali. Simu hapana toa kelele. Hata taa hapana.”

“Mama, sheria ni sheria.” Akanyoosha mkono. Nyabol akampa simu, naye akaiweka juu ya meza ya sakristia pamoja na nyingine nne.

Mtoto akabatizwa Yosefu. Alilia kidogo maji yalipomgusa, kisha akanyamaza akiangalia mshumaa. Losike alikuwa ameshika beseni, karibu kabisa, na aliyaona macho ya mtoto yakifuata moto. Akal naye aliyaona. Baadaye sana Losike alifikiri kwamba katika dunia nzima ni wao wawili tu waliobaki na sura ile.

Misa ilikwisha saa sita kasoro. Padri Adome alikuwa na Misa nyingine Kalobeyei, akapanda gari na kanzu yake bado mwilini. Nje jua lilikuwa utosini. Mtoto alikuwa amechoka, midomo imeanza kuwa ya bluu, na Akal akamfunika uso kwa kanga. Nyabol alipiga picha moja, haraka, ukuta mweupe ukiwaka nyuma yao. Jioni ile akaituma Lokichar. Lokiru akapiga simu.

“Naona gauni,” alisema. “Mtoto yuko wapi?”

Wiki tatu baadaye Ekidor alifia Lodwar kabla zamu yake ya Eldoret haijafika. Lokiru hakuwahi mazishi. Yadi walimpa ruhusa, lakini gari alilopata liliharibika njiani, na alipofika Kakuma udongo ulikuwa umeshakauka juu ya kaburi. Alikaa siku mbili. Alimuuliza Akal mambo mengi: alikuwa na nywele za namna gani, pua ya nani, alicheka vipi. Akal alimjibu yote. Lokiru akauliza kwa nini hakuna picha hata moja ya uso, akajibiwa juu ya zile za mirija, na juu ya Mwalimu na Alhamisi. Akarudi Lokichar.

Losike aliongoza sala za kaburini. Akal hakumlaumu kwa neno, naye akachukulia kwamba hakuna lawama. Sheria ilikuwa ya wote, na mtu hawezi kujua ni mtoto yupi atakufa.

Mwezi wa tano zikaja siku za siasa. Mheshimiwa Lokuruka, aliyekuwa akitafuta kiti, alitangaza kwamba atasali Kakuma Jumapili ile. Magari matatu yakaingia uwanjani kabla ya Misa ya pili. Walioshuka kwanza walikuwa vijana watatu wenye kamera, wakiongozwa na kijana mrefu aliyeitwa Kipkemboi. Mmoja alibeba droni kifuani kama mtu aliyebeba kuku.

Losike aliwazuia mlangoni.

“Vitambulisho vya picha?”

“Gani hivyo?” Kipkemboi aliuliza.

“Vya kanisa. Mlileta barua ofisini?”

“Mzee, sisi ni watu wa Mheshimiwa.”

“Hata watu wa Mheshimiwa huandika jina. Mnaweza kupiga nje. Ndani, hapana.”

Kipkemboi hakukasirika. Alitoa simu, akazungumza maneno machache, akaegemea mlango akisubiri. Hazikupita dakika mbili Padri Adome akatoka sakristia akiwa amevaa tayari kwa Misa. Akamshika Losike kiwiko.

“Mwalimu, waache.”

“Fada, hawajaomba. Sijaona barua.”

“Nimesema waache.” Kisha akasema polepole, kwa Kiturkana, ili wageni wasielewe: “Upepo umeng'oa paa la chekechea ya Kalobeyei. Watoto wanakaa juani. Huyu mtu ameahidi mabati. Unataka nimwambie nini?”

“Mwambie asiingie na droni.”

“Tutazungumza baadaye.”

Losike akasogea pembeni, na wale vijana wakapita.

Watu wa Kakuma wanasimulia Misa ile mpaka leo, kila mtu kwa namna yake. Droni iliwashwa wakati wa Utukufu, ikanguruma juu ya vichwa, na wazee wa mbele wakainama kama wanaokwepa nyuki. Wakati wa mageuzo, kengele ikilia, Kipkemboi alikuwa kwenye ngazi ya pili ya altare, mgongo wake kwa watu, akitafuta mahali ambapo hostia na Mheshimiwa wangeenea katika picha moja. Padri hakuinua macho.

Losike alisimama penye nguzo. Alikuwa anatazama mgongo wa Kipkemboi, lakini alihisi kwamba yeye mwenyewe anatazamwa. Akageuka. Akal alikuwa benchi la tatu, upande wa wanawake. Hakuwa akiangalia kamera, wala altare. Alikuwa anamwangalia yeye Losike, moja kwa moja, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti, bila yeye kuyapangusa.

Kipkemboi naye alimwona. Mtu wa kazi ile huona uso kama mwindaji anavyoona sikio la mnyama kichakani. Alishuka ngazi, akachuchumaa mbele ya Akal, umbali wa mkono, akamwelekezea lenzi. Alikaa hivyo kitambo. Akal hakugeuza uso. Labda hakumwona hata kidogo.

Losike alipiga hatua mbili. Ndipo macho yake yakakutana na ya Padri juu ya kikombe, naye akasimama hapo hapo.

Baada ya Misa Akal alimngoja chini ya kivuli cha tangi la maji.

“Mwalimu, mimi nilichelewa Alhamisi,” alisema. “Hawa walikuja Alhamisi gani?”

“Mama Ekidor, hilo lilikuwa la Padri.”

“Na langu lilikuwa la nani?”

Losike alitafuta jibu. Kila alilolipata lilikuwa la kweli, lakini hakuna lililofaa kusemwa. Akal akainua gunia lake tupu la makaa, akaenda zake.

Jumatano Nyabol alikuja mbio mpaka kwa Akal na simu mkononi. Video ilikuwa imewekwa kwenye ukurasa wa Mheshimiwa. Ilianza kwa droni, ikaja hostia, ikaja Mheshimiwa amefumba macho, kisha ukaja uso wa Akal umejaa kioo chote, machozi yakishuka polepole kuliko yalivyoshuka, na wimbo wa kinanda chini yake. Maneno yakapita: Akina mama wa Turkana wasema asante, Mheshimiwa, kwa kuwakumbuka watoto wetu.

“Wanasema wewe nalia juu ya furaha,” Nyabol alisema. “Watu mingi sana nashaona.”

Akal aliomba aione tena. Aliangalia mara tatu.

Saa moja baadaye simu yake ya kabambe ililia. Alikuwa Lokiru. Video ilikuwa imemfikia yadini, kwenye kundi la walinzi, na wenzake walikuwa wamemzunguka wakimpongeza.

“Wamekupa nini?” aliuliza.

“Nani?”

“Usiniulize nani. Mtoto wangu hajamaliza miezi mitatu ardhini, nawe unalia asante mbele ya mwanasiasa. Alimkumbuka mtoto gani? Alikuja mazishini?”

“Lokiru, sikuwa nalia kwa ajili yake.”

“Nimeona kwa macho yangu. Picha ya mtoto ilikataliwa. Yako ya siasa haikukataliwa. Mimi ni mjinga lakini si kiasi hicho.” Akakata.

Jioni ile Akal alikwenda nyumbani kwa Losike. Mke wa Losike alimpa kigoda na maji, lakini hakukaa wala hakunywa. Alieleza yote kwa maneno machache, akamaliza: “Wewe ndiye unayejua sheria za picha. Niambie sheria inasema nini juu ya hii.”

Losike hakulala vizuri. Asubuhi alimwendea Padri Adome, akamkuta ofisini akihesabu misumari na kofia za mabati. Mabati yalikuwa yamefika kweli.

“Nimeiona hiyo video,” Padri alisema. “Sikuipenda. Lakini ni ya siku chache, Mwalimu. Watu watasahau.”

“Mumewe hatasahau.”

“Unataka nifanye nini? Nimwite Mheshimiwa nimwambie aondoe, na fundi bado yuko juu ya paa?”

“Ndiyo, Fada. Hilo ndilo ninalotaka.”

Padri aliweka misumari chini. Hakuwa mtu mbaya, na sura yake ilionyesha kwamba anaumia. “Nipe wiki mbili,” alisema.

Losike hakumpa. Jumanne iliyofuata alichukua kofia yake na Biblia, akampitia Akal, wakaenda Lodwar.

Ofisi ya kampeni ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na barabara kuu. Feni ilikuwa inazunguka bila kupoza kitu. Aliyewapokea alikuwa msichana aitwaye Jeptoo, mwenyeji wa Kapsabet, aliyesimamia kurasa za mtandaoni. Alipomwona Akal alisimama ghafla, akatabasamu kama aliyeona mtu mashuhuri.

“Mama wa video! Karibu, mama. Karibu sana.”

“Tumekuja kwa hiyo video,” Losike alisema. “Huyu mama hakuulizwa. Maneno yaliyoandikwa juu yake si ya kweli. Alikuwa anamlilia mtoto wake aliyekufa.”

Tabasamu lilimtoka Jeptoo. Alimtazama Akal, akaketi taratibu. “Pole, mama. Haki sikujua. Kipkemboi huleta tu, mimi napandisha.” Akavuta droo. “Lakini mzee, ruhusa tulikuwa nayo. Kanisa lilitupatia. Iko hapa.”

Akamkabidhi Losike karatasi. Ilikuwa na nembo ya parokia, mhuri, na sahihi ya Padri Adome. Iliruhusu picha na video wakati wote wa ibada. Tarehe yake ilikuwa Alhamisi, siku tatu kabla ya ile Jumapili.

Losike aliisoma mara mbili. Daftari la maombi alilitunza yeye. Alhamisi ile alikaa ofisini mpaka saa kumi na moja, na aliyekuja alikuwa bibi mmoja tu aliyetaka picha ya harusi ya mjukuu. Barua hii iliandikwa baadaye, mtu alipokumbuka kwamba inahitajika.

“Ni ya kweli?” Akal alimuuliza kwa Kiturkana. Hakujua kusoma tarehe, lakini alikuwa anasoma uso wake.

Hapo ndipo Losike alipokosa mara ya pili. Alifikiri juu ya Padri, juu ya kanisa, juu ya watu wa siasa kushika mkononi aibu ya parokia. “Ni sahihi yake,” alijibu.

Akal aliitikia kwa kichwa na kuangalia dirishani.

Losike akamgeukia Jeptoo. “Padri anaweza kuwaruhusu kuingia kanisani na kamera. Jengo ni lake kulisemea. Uso wa huyu mama si wa Padri. Hata mngekuwa na barua ya askofu, mtu anayelia anaulizwa yeye. Na mkitaka kumtumia kwa siasa, mnamuuliza tena, mkimwambia ni kwa kazi gani.”

Jeptoo akaufunga mlango. “Mzee, unasema kweli. Hata sheria ya nchi inasema hivyo. Mtu asipokubali picha yake itumiwe, anaweza kushtaki kwa kamishna wa ulinzi wa data. Fomu iko mtandaoni, hailipiwi. Lakini sitaki mfike huko, na mkifika, msiseme ni mimi.” Akavuta kompyuta yake. “Naondoa sasa hivi.”

Akabonyeza. Akawageuzia kioo waone kwamba pale video ilipokuwa hakuna kitu.

“Imekwisha?” Akal aliuliza kwa Kiswahili.

“Kwa ukurasa wetu, ndiyo, mama. Kwa simu za watu…” Jeptoo alifungua viganja. “Walishatumiana. Hiyo siwezi kuirudisha.”

“Basi andika.”

“Niandike nini?”

“Andika mimi si lilia Mheshimiwa. Andika mimi nalilia mtoto yangu. Jina yake Ekidor.”

Jeptoo aliangalia kibodi muda mrefu. Vidole vyake vilikuwa juu ya herufi. “Mama, nikiandika hivyo leo, kesho siko hapa,” alisema hatimaye. “Niko na mama yangu anategemea hii kazi. Naomba unisamehe.”

Akal alishuka ngazi kwanza.

Kwenye steji ya Lodwar, magari ya Kakuma yalikuwa upande mmoja, ya Lokichar na Kitale upande mwingine. Akal alisimama katikati na akatoa simu yake.

“Mpigie Lokiru,” alimwambia Losike. “Wewe ni mtu wa kanisa. Ulikuwapo. Ukimwambia, ataamini.”

Losike alichukua simu. Ilichukua muda kupokelewa.

“Lokiru, ejok. Ni Mwalimu Losike, wa kanisa la Kakuma. Niko na mkeo hapa Lodwar. Nataka kukwambia juu ya ile video. Nilikuwapo. Nilimwona kwa macho yangu. Hakuwa anamshukuru mtu. Hakupewa kitu. Alikuwa analia kwa sababu ya…”

Alisita. Kulikuwa na kelele za lori upande wa Lokichar.

“Kwa sababu ya nini?” Lokiru aliuliza.

“Kwa sababu yangu. Kwa sababu niliwaachia wale nilichomkataza yeye.”

“Ndiye wewe? Uliyemnyima picha ya mtoto?”

“Ni mimi.”

“Na siku hiyo ya Mheshimiwa, ulisimama mlangoni?”

“Nilisimama.”

“Ukawaachia.”

“Padri alisema…” Losike alijisikia akisema, akanyamaza.

“Mwalimu,” Lokiru alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa ya mtu aliyechoka, “mtu kama wewe nikuamini nini? Leo unasema hili. Kesho akija mkubwa utasema lile.” Simu ikakatika.

Akal alikuwa amesikia. Simu ile ya kabambe ilikuwa na sauti kubwa. Alinyoosha mkono akaichukua, akaifunga kwenye pindo la nguo yake.

“Nitamjaribu tena,” Losike alisema. “Acha hasira ishuke.”

“Hapana.”

“Basi turudi Kakuma. Nitamwambia Padri atangaze Jumapili, mbele ya watu wote, kwamba ile video ilikuwa uongo.”

“Atatangaza?”

Losike hakuweza kusema ndiyo.

“Ile barua,” Akal alisema. “Nilikuuliza kama ni ya kweli.”

“Naam.”

“Ulinijibu kitu kingine.”

Akaondoka kuelekea upande wa magari ya Lokichar. Hakuwa na mzigo, hakuwa na nguo ya kubadilisha. Losike alimfuata, akampa nauli aliyokuwa nayo. Akal aliipokea, kwa kuwa hakuwa na nyingine, lakini hakushukuru. Gari lilipojaa likaondoka.

Losike alirudi peke yake. Alimkuta Padri Adome sakristia, akamweleza yote, pamoja na tarehe ya barua. Padri alisikiliza akiwa amekaa, mikono juu ya magoti.

“Waliniomba niiandike Jumatatu,” alisema. “Nikaona haina madhara. Jambo lilikuwa limeshapita.”

“Tangaza, Fada. Jumapili hii.”

“Nitafikiri.”

“Basi tafuta mtu mwingine wa mlangoni.”

Padri aliinua kichwa. “Mwalimu, usifanye hivyo. Masharti ni mazuri. Wewe mwenyewe unajua ni mazuri. Nani atawaambia watu?”

“Ndiyo maana siwezi,” Losike alijibu. “Ni mazuri.”

Akaweka vitambulisho vya picha mezani, vyote sita, na daftari la maombi juu yake. Jumapili ile hakukuwa na tangazo. Iliyofuata Padri alisema maneno machache ya jumla, kwamba wageni wa nyumba ya Mungu wawe na adabu, na watu wengi hawakujua anamsema nani. Mlangoni walimweka kijana wa kwaya, aliyewaruhusu wote.

Losike akaendelea kufundisha katekisimu, lakini kwa vigango vya mbali tu.

Mwezi wa saba alimkuta Nyabol kwenye duka dogo alilofungua Kalobeyei, akipima sukari kwenye vifuko vidogo. Alimsalimu, akauliza habari za Akal.

“Iko Lokichar,” Nyabol alisema. “Nauza chai karibu na barabara. Nakaa kwa dada ya bwana.”

“Kwa dada? Si kwa Lokiru mwenyewe?”

“Lokiru nakuja kunywa chai. Nalipa, nakwenda.” Akafunga kifuko kwa fundo, akachukua kingine. “Hapana ongea.”

Losike alisimama pale akitafuta la kumtuma amwambie Akal. Nyabol alingoja kidogo, mkono ndani ya gunia la sukari. Kisha mteja akaja, naye akamgeukia mteja.